Radi na mvua ya mawe ni watoto wa mama mmoja



Mwisho wa mwezi wa kumi, wakati mvua za kwanza zinapoanza, mama mmoja wa kanisa letu alikuja kwangu mangaribi, viatu mkononi, kitambaa cha kichwa kimelowa. Mchana ule mvua ya mawe ilikuwa imetoboa tole za zamani za jikoni lake na kuchanachana majani yote ya mihogo. Saa ileile radi ikapiga muembe wa jirani yake. Mbuzi wawili waliofungwa chini ya ule muembe wakafa palepale. Mbuzi wa tatu, aliyefungwa karibu na jikoni, akabaki anakula maganda kama kawaida.

Mama akaniuliza: "Baba Pasta, barafu na moto vimetoka mbinguni pamoja, vinatoka wapi? Na juu ya nini mbuzi wa huyu wamekufa, na yule mwingine hapana? Vijana wanasema ni yule muzee wa mwisho wa avenyu aliyetuma radi. Wanataka kumfukuza kesho asubuhi."

Unaona, swali lile lilikuwa na mtu ndani yake. Ile usiku nilikaa na vijana hawa mpaka saa nne, nikawaeleza namna wingu la radi linavyojengwa, tangu asubuhi mpaka linapopiga. Maneno niliyowaambia ndiyo ninakuandikia wewe leo.

ASUBUHI MBINGU IKO SAFI

Tuchukue siku moja ya mwezi wa kumi huku Kolwezi. Saa kumi na mbili za asubuhi hakuna wingu. Kuna baridi kidogo, watu wanavaa shuka. Jua likipanda, linapasha udongo moto, na udongo unapasha hewa iliyo karibu nao. Hewa yenye moto ni nyepesi kuliko hewa ya baridi, kwa hiyo inapanda, sawa na moshi juu ya makala. Hewa hiyo haipandi mikono mitupu. Wakati huu wa mwaka upepo unaleta unyevu kutoka upande wa misitu ya Kongo. Unyevu huo ni mvuke, nao hauonekani kwa macho.

Kadiri hewa inavyopanda inapoa, karibu digri 1 kwa kila meta 100. Tuseme saa nane za mchana hapa chini iko digri 31. Hewa ile ikifika kilometa 2 juu ya vichwa vyetu, imebaki na digri 11 tu. Hapo haiwezi tena kubeba mvuke wake wote. Mvuke unageuka kuwa matone madogo sana, sawa vile kioo cha maji baridi kinavyotoa jasho mezani. Ndilo wingu lenyewe. Siku nyingine utazame vizuri: mawingu ya namna hii yana sakafu iliyonyoka kama imekatwa kwa kisu, na yote yana sakafu kwa kipimo kimoja. Pale ndipo baridi imetosha kwa mvuke kuwa maji.

Mawingu mengi yanaishia hapo. Yanakuwa kama pamba, mangaribi yanapotea. Basi, ni nini kinachofanya moja kati yao kuwa mnara?

Fikiri sufuria ya maji juu ya mbabula. Maji yakitaka kuwa mvuke yanakula moto mwingi, ndiyo maana unamaliza makala. Moto ule haupotei, umejificha ndani ya mvuke. Mvuke ukirudi kuwa maji, unautoa moto wote uliokula. Kwa hiyo kila tone linalozaliwa ndani ya wingu linapasha hewa iliyo karibu nalo. Wingu linabaki na moto kuliko hewa inayolizunguka, nalo linazidi kupanda. Likipanda, mvuke mwingine unakuwa maji, na moto mwingine unatoka. Ni kama mtu anayepanda mlima, na kila hatua inamwongezea chakula. Upepo wa kupanda ndani ya wingu kama hili unaweza kupita meta 10 kwa segonde moja, ndiyo kusema kilometa 36 kwa saa, na katika mawingu makali unazidi hapo sana.

Kichwa chake kinaonekana kama koliflawa nyeupe inayochemka. Katika nchi zetu za joto kinaweza kufika kilometa 12 mpaka 15 juu, kupita njia ya ndege kubwa. Huko juu hewa ina namna ya dari, na wingu haliwezi kuendelea kirahisi. Linatandazika pembeni mpaka linafanana na fuawe ya mhunzi. Wataalamu wanaliita kumulonimbusi. Ukiona fuawe ile, ujue kazi ya ndani imekwisha kuanza.

JUU YA JOTO LETU KUNA NCHI YA BARAFU

Watu wengi wanashangaa: namna gani barafu inatoka mbinguni katika nchi ya joto? Lakini baridi ya barafu haiko mbali na sisi, ila tu iko juu. Katika sehemu zetu za Afrika, hewa inafika digri 0 karibu kilometa 4.5 mpaka 5 juu ya usawa wa bahari. Kolwezi yenyewe imejengwa karibu kilometa 1.4 juu ya bahari. Fanya hesabu: kutoka kwenye kichwa chako mpaka mlango wa barafu ni karibu kilometa 3 na nusu. Ni umbali ambao mtoto anatembea kwenda masomoni.

Basi sehemu kubwa ya ule mnara iko ndani ya barafu. Na hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui: tone dogo sana la maji, likifika digri 0, haligandi palepale. Linahitaji kitu cha kushikilia, kama chembe fulani ya vumbi, ndipo ligande. Bila kitu hicho linaweza kubaki maji hata chini ya digri 0 kwa digri 10, 20, karibu mpaka 40. Linangoja tu kuguswa. Likigusa barafu, linaganda mara moja.

Kwa hiyo katikati ya wingu kuna wakaaji watatu. Kwanza kuna matone hayo ya maji yenye baridi kali yanayongoja kuguswa. Pili kuna vipande vidogo sana vya barafu, vyepesi. Tuviite vumbi la barafu. Tatu kuna chembe nzito zaidi, nyeupe na laini, zilizokua kwa kugongwa na matone yanayoganda juu yao. Zina ukubwa kama chenga za mchele. Tuziite chenga za barafu. Ushike majina haya mawili, vumbi na chenga, kwa sababu radi na mvua ya mawe zote mbili zinatoka kwao.

NAMNA MVUA YA MAWE INAVYOZALIWA

Chenga moja ikikutana na maji mengi ya namna ile, inazidi kukua. Kila tone linaloigusa linaganda juu yake. Chenga inataka kuanguka, lakini upepo unaopanda unaishikilia. Ikiwa upepo una nguvu, chenga inabaki juu dakika nyingi, inakunywa maji ya wingu, mpaka inakuwa jiwe. Siku inakuja jiwe linakuwa zito kupita nguvu ya upepo, ao upepo wenyewe unalegea. Hapo linaanguka.

Mvua ikikatika, uokote jiwe moja kubwa ulikate katikati. Mara nyingi utaona duara ndani ya duara, kama kitunguu: moja nyeupe, moja inayong'aa kama kioo. Ile nyeupe ilifanyika mahali ambapo matone yaliganda haraka sana na kufunga hewa ndani. Ile ya kioo ilifanyika mahali penye maji mengi, ambapo maji yalitambaa kwanza juu ya jiwe, kisha yakaganda polepole. Zamani walifundisha kwamba kila duara ni safari moja ya kupanda na kushuka. Leo wataalamu wanaona kwamba jiwe linaweza kupata duara zake zote katika safari moja tu, likipita sehemu mbalimbali za wingu.

Sasa, juu ya nini sisi wa Katanga na ndugu zetu wa milima ya Kivu tunaona mawe haya kuliko watu wa Kinshasa? Si kwamba mbingu yao haina barafu. Jiwe la sentimeta 1 linaanguka karibu meta 10 kwa segonde. Kutoka mlango wa barafu mpaka Kolwezi ni meta 3,500, kwa hiyo linapita katika hewa ya moto karibu dakika 6 tu. Kinshasa iko chini zaidi, kwa hiyo jiwe linasafiri zaidi ya kilometa moja ya ziada, na hewa ya chini kabisa ndiyo yenye moto kupita. Jiwe dogo linayeyuka njiani. Mtu wa Kinshasa anapata matone makubwa ya mvua, wala hajui kwamba dakika chache mbele yalikuwa mawe.

NAMNA RADI INAVYOZALIWA

Turudi kwa vumbi na chenga. Upepo unarusha vumbi juu, na chenga zinaelekea chini. Njiani zinagongana, mara nyingi sana. Vumbi likigonga chenga na kuruka, linaondoka na kurani kidogo ya upande mmoja, na chenga inabaki na kurani ya upande mwingine. Unajua batri ya redio ina kichwa cha kutoa na kichwa cha kupokea. Wanaandika + na –. Mahali pale ambapo baridi iko kati ya digri 10 na 20 chini ya 0, ao zaidi, vumbi linaondoka na + na chenga inabaki na –. Mtaalamu mmoja wa Japani, Tsutomu Takahashi, alijaribu jambo hili ndani ya chumba cha baridi, akachapisha majibu yake katika mwaka 1978. Alionyesha kwamba baridi na wingi wa maji ndivyo vinavyoamua nani anabaki na nini.

Lakini kugongana peke yake hakutoshi. Vumbi na chenga zikibaki pamoja, kurani zao zinafutana. Inabaki kazi ya kuzitenganisha, na kazi hiyo wewe unayekaa karibu na mine unaijua vizuri. Umewaona vijana wanaosafisha madini mtoni. Wanamwaga maji, udongo mwepesi unakwenda na maji, na jiwe zito linabaki chini. Wingu linafanya vilevile, ila linatumia upepo. Upepo unachukua vumbi lepesi na + yake mpaka kwenye kichwa cha wingu. Chenga nzito zinabaki katikati na chini pamoja na – yao. Kidogo kidogo wingu linakuwa batri kubwa yenye urefu wa kilometa nyingi.

Ndiyo maana ninasema radi na mvua ya mawe ni watoto wa mama mmoja. Chenga moja ya barafu inaweza kuwa jiwe, na chenga hiyohiyo inabeba kurani. Wingu ambalo halijafika kwenye barafu linaweza kunyesha, lakini kwa kawaida halitoi radi. Kwa hiyo yule mama hakukosea kuona barafu na moto pamoja.

Kuna mtu mmoja aliyepita ndani ya wingu la namna hii akabaki mzima. Tarehe 26 mwezi wa saba 1959, askari wa ndege wa Amerika, William Rankin, aliharibikiwa na motere ya ndege yake karibu kilometa 14 juu, akaruka. Mwavuli wake ulifunguka ndani ya wingu la radi. Safari ya kushuka ambayo ingemchukua karibu dakika 10 ilimchukua karibu dakika 40, kwa sababu upepo ulimrudisha juu tena na tena. Mawe ya barafu yalimpiga mwili wote. Maji yalikuwa mengi hata akaogopa kuzama katikati ya anga. Ngurumo hakuzisikia kwa masikio tu, zilimtetemesha mifupa. Alitua katika miti ya North Carolina akiwa amevimba na majeraha, lakini mzima.

SAFARI YA RADI KUTOKA JUU MPAKA CHINI

Mara nyingi ile batri inajipiga yenyewe ndani ya wingu. Ndiyo umeme unaouona unamulika wingu zima usiku kama taa ndani ya hema. Lakini mara nyingine kurani ya – inatafuta udongo.

Haiji kwa mstari mmoja. Inashuka kwa hatua, kila hatua karibu meta 50, inasimama kidogo kuliko kufumba macho, inachukua hatua nyingine, inatoa matawi huku na huku. Macho yetu hayawezi kuona hatua hizi, lakini mashini za picha za haraka zimezionyesha. Wakati inashuka, haijui itapiga wapi. Inapobaki meta 50 ao 100 juu ya udongo, ndipo vitu vya chini vinaanza kuijibu. Kichwa cha mti, ncha ya nyumba, poto ya kurani, mtu anayesimama peke yake kwenye tereni, kila kimoja kinaweza kutoa uzi mdogo wa kurani unaopanda. Uzi unaokutana na tawi kwanza ndio unaofunga njia. Hapo kurani nyingi inapita mara moja, mara nyingi karibu amperi 30,000. Hewa ya njia ile inapata moto wa karibu digri 30,000, kupita uso wa jua mara tano. Hewa inapasuka, na kupasuka kule ndiyo ngurumo.

Hiyo ni habari ya kushika: mpaka zile meta za mwisho, radi haina jina la mtu wala la parsele. Urefu wa kitu na mahali kilipo ndivyo vinavyoamua.

SASA TURUDI KWA WALE MBUZI

Radi ilipiga muembe kwa sababu ulikuwa mrefu kuliko nyumba zote za pale. Mti una maji ndani, kurani ikashuka nayo mpaka mizizi. Lakini ikifika chini haimaliziki. Inatawanyika ndani ya udongo pande zote, kali sana karibu na shina, dhaifu kadiri unavyokwenda mbali. Mbuzi ana miguu minne: ya mbele iko karibu na shina, ya nyuma iko mbali kidogo. Kurani ikipata njia rahisi, inapanda kwa miguu ya mbele, inapita kwenye moyo, inatoka kwa miguu ya nyuma. Wale wawili walikuwa chini ya mti. Wa tatu alikuwa mbali, kurani ikamfikia imekwisha kupoteza nguvu. Hakuna siri nyingine.

Katika mwezi wa nane 2016, juu ya mlima mmoja wa nchi ya Norvegi, radi iliua nyama 323 mara moja, wanaofanana na swala wakubwa, wa nchi za baridi. Walikuwa wamekusanyika wakati wa mvua kali, na kurani ikapita katika udongo uliolowa. Ni nyama wa pori, hawana shamba wala mali, hawana jirani wa kuwaonea wivu. Nani angewatumia radi?

Wakubwa kati yetu wanakumbuka pia habari iliyoandikwa katika gazeti la Kinshasa mwezi wa kumi 1998. Ilisema kwamba huko Bena Tshadi, Kasai, radi ilipiga tereni ya mpira timu mbili zikiwa 1 kwa 1. Wachezaji 11 wa timu moja walikufa, wale wa timu nyingine hawakuguswa. Watu wengi walisema ni dawa. Lakini sasa wewe umekwisha kujua: tereni ni mahali pa wazi, mchezaji ndiye kitu kirefu pale, udongo umelowa, na kurani inapita katika udongo upande mmoja kwa ukali kuliko upande mwingine. Watu waliosimama pamoja wanaweza kuanguka pamoja.

Na tusishangae kwamba habari hizi ni nyingi kwetu. Setilaiti moja ilihesabu radi za dunia kutoka 1998 mpaka 2013. Ziwa Maracaibo la Venezuela lilikuwa la kwanza. La pili lilikuwa Kabare, Kivu ya Kusini: kila kilometa moja ya mraba, zaidi ya mara 200 kwa mwaka. La tatu lilikuwa Kampene, katika Maniema, mahali pa machimbo. Kama kila radi ingetumwa na mtu, basi Kabare ingekosa watu wa kulima.

NAMNA YA KUJUA HATARI IKO KARIBU

Ukiona umeme, hesabu polepole mpaka usikie ngurumo. Kila segonde 3 ni kilometa moja. Ukifika 15, radi iko kilometa 5. Usiseme bado iko mbali: hatua yake inayofuata inaweza kupiga palepale uliposimama. Ukiwa unasikia ngurumo, basi uko katika mkono wake. Watu wengi wanapigwa kabla ya mvua kufika, ao wakati imekatika na wanarudi machimboni, kwa sababu ile fuawe ya juu inaweza kupiga kilometa 10 na zaidi kutoka kwa mvua. Ngoja dakika 30 nyuma ya ngurumo ya mwisho.

Mti si kimbilio. Kibanda cha majani ao cha shiti pembeni ya machimbo kinazuia mvua, hakizuii radi. Shimo la machimbo nalo ni baya: maji yanaingia, na udongo unabomoka juu yenu. Kimbilio ni nyumba kubwa imara, ao motokari yenye bodi ya chuma iliyofungwa milango na vioo. Ndani ya nyumba usiegemee ukuta, wala usishike robine ao waya. Mkikutwa mahali pa wazi, mtoke kwenye kilima, muachane, msisimame katika kundi, na kila mtu aunganishe miguu yake pamoja. Mguu mmoja huku na mguu mwingine kule ndiyo njia iliyoua mbuzi. Hii inapunguza hatari, haiiondoi.

Na paratoneri? Ni chuma kinachosimama juu ya nyumba na waya mzito unaoshuka mpaka ndani ya udongo. Haifukuzi radi. Inaipokea na kuipa njia ya kwenda chini bila kupita ndani ya nyumba. Kwa hiyo kazi yote iko kwenye waya. Huku kwetu waya ule ni wa shaba, na wezi wanaujua bei yake. Nimeona nyumba moja ya masomo, ncha inasimama juu kwa heshima, na chini waya umekatwa kwa kimo cha mtu. Paratoneri ya namna ile ni hatari kuliko kukosa paratoneri. Wewe mzazi, siku ukienda kumuandikisha mtoto, uzunguke nyumba, ufuate waya kwa macho mpaka uone umeingia katika udongo.

Neno moja tena, na usilisahau. Mtu aliyepigwa na radi habaki na kurani mwilini. Mguse. Mara nyingi moyo ao pumzi vimesimama tu. Akikosa kupumua, mlaze chali, sukuma katikati ya kifua kwa nguvu na haraka, karibu mara 100 mpaka 120 kwa dakika, mpulizie pumzi kama umefundishwa, huku wengine wanatafuta msaada wa hospitali. Wakiwa wengi wameanguka, anza na yule asiyepumua. Anayelia ana pumzi. Kuna watu waliokufa kwa sababu wenzao walisimama mbali wakiogopa kuwagusa, wakabaki kuulizana nani aliyetuma.

Vijana wale walinisikiliza ile usiku. Mmoja akabisha sana, nami nikamwambia aende kuona muembe mwenyewe. Asubuhi tulikwenda pamoja, yule mama naye. Tukaona ganda la mti limepasuka mstari mmoja kutoka juu mpaka chini, na pale chini udongo umechimbika kufuata mzizi, kuelekea mahali mbuzi walipofungwa. Kijana akapima kwa hatua zake: mbuzi wawili, hatua tatu kutoka shina, mbuzi wa tatu, hatua ishirini na mbili. Akanyamaza. Kisha akasema, "Pasta, kamba yake ndiyo iliyomuokoa."

Muzee wa mwisho wa avenyu alikuwa anafagia majani mbele ya mlango wake. Tulimsalimia, akatujibu. Mpaka leo anakaa palepale.